Mwanasesere Nyuma ya Kioo

Nitayasema yote, maana nikianza kuchagua nitajipendelea, najijua. Mimi ni mtu wa mdomo. Ofisini kwetu nikikaa kimya robo saa, watu wanageuka kuangalia kama naumwa. Na mdomo huu huu, siku ulipotakiwa kusema maneno mawili tu, ulifunga kama umepakwa gundi. Lakini hadithi si yangu hasa. Ni ya Mwalimu, na mimi naingia humo kama inzi anavyoingia kwenye chai.

Mwalimu alifundisha hesabu sekondari miaka ishirini na sita. Siku moja akiwa ubaoni, katikati ya swali, akaanguka. Kiharusi. Upande wa kushoto wote ukalala. Alikaa miezi hospitalini akijifunza kutembea upya mbele ya kioo kikubwa cha ukutani, na mwenyewe alikuwa akisema mguu ule ulikataa kumsikia mpaka alipouona. Shuleni hawakumsubiri. Akiwa nyumbani, binti yake akampa kompyuta ya zamani apotezee mawazo, naye badala ya kucheza karata akajifunza kuandika programu. Akaja kwetu akiwa na miaka hamsini na tatu, fimbo mkono wa kulia, mkoba begani, na sketi iliyopigwa pasi mpaka inakata.

Ofisi yetu iko ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Meza tano, feni moja inayolalamika, na ukuta mzima wa mbele ni skrini. Tulikuwa tunatengeneza programu kwa ajili ya hospitali: mgonjwa anasimama mbele ya skrini, kifaa kidogo kinamfuatilia mwili, na kwenye skrini anaona ukumbi mkubwa wa mazoezi wenye kioo. Ndani ya kioo kile kuna mwili wa mfano unaofanya kila anachofanya yeye. Akiinua mkono, unainua. Akiyumba, unayumba. Kioo kilikuwa kazi ya Mwalimu. Aliiomba mwenyewe.

Bosi wetu, mwanamume mwenye haraka hata ya kumeza mate, alimwekea wazi tangu siku ya kwanza. "Miezi mitatu ya majaribio. Hospitali wakikikubali kioo, barua ya ajira unaipata siku hiyo hiyo. Wakikikataa, mama yangu, tutashikana mikono tuagane."

"Hayo tu ndiyo ninayotaka," Mwalimu akasema. "Nataka mtu akiniuliza unafanya nini, nimjibu kazi. Nimechoka kujibu ugonjwa."

Likumbukeni hilo. Barua ile ndiyo kila kitu.

Sasa kioo cha kompyuta si kioo. Ni bapa tu, limekufa, halijui kuakisi. Ukitaka kiakisi, inabidi udanganye. Unachukua kamera ya pili, na kamera huku kwetu maana yake ni jicho tu, mahali pa kutazamia, halafu unaiweka upande wa pili wa kioo. Kama wewe uko hatua tatu mbele ya kioo, yenyewe inakaa hatua tatu nyuma yake, imekuelekea. Inatazama ukumbi kupitia kioo, kama mtu anayechungulia dirishani kutoka nje. Picha inayoiona inapinduliwa, kulia kuwe kushoto, ndipo inapakwa kwenye lile bapa. Ukisogea, inasogea. Mtu akitazama anaapa ni kioo.

Shida ni kwamba kamera ile imesimama nyuma ya ukuta. Na nyuma ya ukuta ndipo ilipokuwa stoo yetu. Majengo ya kompyuta ukuta wake ni wa upande mmoja, ukiutazama kwa nyuma unapenya kana kwamba haupo. Kwa hiyo viti vya akiba, mikeka, mipira, kila kitu ambacho hatujakipangia mahali, tulikuwa tunakirundika huko nyuma, mgonjwa hawezi kukiona. Lakini kamera ya pili inakiona, kwa sababu kimesimama katikati yake na kioo. Usipofanya kitu, mgonjwa atatazama kioo aone viti vya stoo vinaelea mbele ya uso wake.

Mwalimu alifanya kitu. Kila kamera ina mpaka wa karibu: kilicho karibu kuliko mpaka huo hakichorwi. Sisi tunauita kisu. Kwa kawaida kisu hicho kimesimama wima mbele ya jicho, sambamba na uso wa kamera, popote inapogeukia. Mwalimu alikaa na karatasi zake siku mbili, akapiga hesabu, akakilaza kisu upande mpaka kikalala juu ya kioo chenyewe, sawa na bapa lake. Chote kilichoko nyuma ya kioo, kwaheri. Kilichoko mbele, karibu. Mistari kumi na moja ya programu, basi. Mchoraji wetu, binti anayetengeneza miili na majengo, alipiga makofi. Mimi nilisema, "Si mbaya." Wivu huo, msitafute jina lingine.

Kabla Mwalimu hajafika, mimi ndiye niliyekuwa fundi mkubwa pale, kijana wa kusifiwa. Akaja mama na fimbo, kila mwenye swali la hesabu akawa anaenda kwake. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akaitikia marahaba kwa moyo mmoja, halafu akienda mezani kwake, tok, tok, tok, mimi namnong'oneza Mchoraji, "Saa ya Ukuta imefika." Mchoraji anaziba mdomo. Jina likashika. Mwalimu mwenyewe hakulijua.

Ningeishia hapo ningekuwa mpumbavu wa kawaida. Sikuishia hapo. Nikatengeneza mwanasesere.

Nilimtengeneza kwa wiki mbili, kidogo kidogo, kazi ya Bosi ikiisha. Sketi ile ile, mkoba ule ule, fimbo mkono wa kulia. Na mwendo! Mwendo ndio niliouhangaikia. Nilikuwa namtazama Mwalimu akienda kuchota maji, naandika. Fimbo kwanza. Halafu nyonga ya kushoto inapanda. Halafu mguu unazunguka kwa nje kama unaruka kitu kisichoonekana, unatua bapa, na mwili unafuata. Nilirudia mpaka ikawa yeye kabisa. Kifuani nikamwandikia kwa herufi kubwa SAA YA UKUTA. Nikamweka nyuma ya ukuta, kwenye stoo yetu, azunguke lundo la mikeka, mchana kutwa, bila kuchoka. Tukitaka kucheka, mimi na Mchoraji tunapeleka kamera kule nyuma, tunamtazama. Usalama wetu ulikuwa kile kisu cha Mwalimu. Kila kitu kilicho nyuma ya kioo hakionekani kiooni. Yaani nilimficha mama yule nyuma ya kazi yake mwenyewe, na nilijiona mjanja.

Haya. Zikabaki siku mbili hospitali waje kuona. Bosi akasimama mbele ya skrini, akakunja uso. "Mbona huko mwisho wa ukumbi, ndani ya kioo, vigae vinametameta?"

Ni kweli vilimetameta. Ukikilaza kisu kile, unaharibu kipimo cha umbali. Kompyuta inapotakiwa kuamua kipi kiko mbele na kipi nyuma, kwa vitu vya mbali vilivyogusana inachanganyikiwa, mara inachora kigae, mara inachora mstari wa katikati ya vigae. Mwalimu alilijua hilo. "Mistari ile ya katikati nitaiinua kidogo kutoka sakafuni," alisema, "isigombanie nafasi na vigae. Kesho nina kliniki, keshokutwa asubuhi mapema nitamaliza."

Kesho yake yuko kliniki, Bosi akaja mezani kwangu. "Wewe huwezi kuondoa ule mmeto?"

Ningesema tumsubiri mwenyewe. Nilisema, "Dakika kumi."

Nikafungua kazi ya Mwalimu. Nikaiona ile mistari kumi na moja. Nikaiondoa, nikajaribu kwenye ukumbi wetu mdogo wa majaribio. Mmeto umekwisha, kioo kinang'aa, kila kitu sawa. Bila shaka sawa! Ukumbi wa majaribio ulikuwa mtupu, nyuma ya ukuta wake hapakuwa na hata kiti. Hilo sikulifikiria. Nilichofikiria ni kwamba mwalimu wa hesabu amejichosha bure siku mbili. Pale ilipokuwa mistari yake nikaacha maelezo, kama desturi yetu: "Haina kazi. Nimeondoa." Na jina langu. Nikaiingiza kwenye programu kubwa, nikaenda kula.

Siku ya hospitali ofisi ilipigwa deki mpaka inateleza. Mwalimu alifika mapema kama alivyoahidi, Bosi akamwambia, "Acha, limeshashughulikiwa, usiguse kitu wageni wako njiani." Mwalimu akanitazama. "Ulifanyaje?" Nikamwambia, "Kitu kidogo tu, Mwalimu." Akasema ahsante. Ahsante, jamani!

Akaja mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na wenzake wawili. Mwalimu akaeleza, kifupi, bila madoido. Mtaalamu akavua viatu, akasimama mbele ya skrini. Mwili wa mfano ukatokea kiooni. Akainua mkono, ukainua. Akacheka kidogo. "Kama kweli vile." Bosi alikuwa ananesa kwa visigino. Nikamwona Mwalimu ameshika fimbo kwa mikono miwili.

Ndipo fimbo ikaingia kiooni.

Fimbo kwanza. Halafu nyonga. Halafu mguu ukazunguka. Mwanasesere wangu alikuwa anazunguka lundo lake kule stoo, na kamera ya pili, sasa haina kisu, ikamwona ameikabili. Akaonekana kiooni anatujia sisi, mkubwa kuliko mwili wa Mtaalamu kwa sababu alikuwa karibu zaidi na kamera, akaujia mbele, akauziba. Kwenye ukumbi hayupo. Kwenye kioo yupo.

"Huyu ni nani?" Mtaalamu akauliza, akageuka nyuma yake kama kuna mtu kweli.

Kifuani herufi zilikuwa kinyumenyume, kioo kimezipindua. Wageni hawakuzisoma. Lakini mtu aliyesahihisha madaftari ya watoto miaka ishirini na sita, madaftari yanayosukumwa mezani kila upande, anasoma hata kinyumenyume. Niliona midomo ya Mwalimu ikitembea. Saa. Ya. Ukuta. Halafu kingine, ambacho nilikuja kukielewa baadaye: sisi sote tunamjua Mwalimu kwa upande wake wa kawaida, hata Bosi alichukua muda kutambua. Yeye peke yake duniani ndiye aliyezoea kujiona amepinduliwa, miezi yote ile mbele ya kioo cha hospitali. Alijitambua kabla ya mtu mwingine kumtambua.

Jasho lilinitoka mpaka kwenye nyayo. Nilisubiri anigeukie, anitukane, anyooshe fimbo. Maneno mawili tu yalihitajika kwangu: ni mimi.

Mwalimu akakohoa. "Samahani," akasema kwa sauti ile ya darasani. "Huyo ni mwanasesere wangu wa majaribio. Nilimsahau humo. Ni uzembe wangu."

Nikanyamaza.

Bosi akazima skrini, akacheka kicheko cha uongo, akaomba wiki moja. Mtaalamu akasema hakuna shida, akavaa viatu vyake, lakini alikuwa bado anaangalia skrini iliyozimwa. Walipoondoka, Bosi hakungoja hata ngazi zinyamaze. "Mwalimu, mbele ya wageni? Midoli? Nilikwambia kioo ndicho mtihani wako. Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo mwisho wako. Kijana huyu atamalizia."

Kijana huyu ni mimi. Mchoraji akaniangalia, akaangalia chini. Yeye naye alikuwa na sehemu yake, lakini yangu ilikuwa mlima. Nilitamani ardhi ipasuke, na kwa kuwa tulikuwa ghorofani ningeangukia magodoro, hata adhabu hiyo isingenifaa.

Saa ya chai Mwalimu akaniita kwenye kijimeza cha pembeni. Mkate ulikuwa pale, na kisu. Nikajiandaa kulia. Akauweka mkate mbele yangu, akaulaza upande kidogo.

"Jicho lako ni kamera. Ganda la huku ndilo stoo, na pale lilipogusana na nyama ndipo kioo, umekaa unalitazama kwa mshazari. Nataka uondoe ganda lote, usiguse nyama. Kisu kinyooshe mbele ya uso wako. Kata."

Nikakata. Upande mmoja kisu kikala nyama ya mkate, upande mwingine ganda likabaki.

"Umeona? Ukikisogeza mbele utakula ukumbi. Ukikirudisha nyuma utaacha stoo. Sasa kilaze kisu kifuate ganda." Akaushika mkono wangu, akaupinda. Ganda likatoka lote, jembamba, safi. "Ndiyo kazi yake ile mistari kumi na moja. Nimeyasoma maelezo yako. 'Haina kazi.'" Akafuta kisu kwa kitambaa. "Irudishe mwenyewe, ili uijue. Na mistari ya vigae uiinue kidogo, mmeto utapungua."

"Mwalimu..."

"Chai yako inapoa."

Hakutaja mwanasesere. Hakutaja hata kwa jicho. Angenizaba kofi ningelala.

Jumamosi asubuhi mama yangu, ninayeishi naye, aliniona nasukuma uji kwa kijiko. Mama hakuzoea kuniona kimya. Nikamwambia, nikikata kata, kuna mwenzetu kachukua kosa lisilo lake mbele ya wageni, anaachishwa kazi.

"Kwa nini alichukue?"

"Nadhani aliona afadhali aonekane mzembe kuliko aonekane kichekesho."

"Na mwenye kosa?"

"Alikuwepo."

Mama akaacha kupepeta mchele. Alinitazama muda, mimi natazama uji. "Alikuwepo," akasema, akarudi kwenye ungo wake. Siku nzima hakunitania hata mara moja.

Nikairudisha mistari kumi na moja. Niliiandika neno kwa neno kutoka nakala ya zamani ya programu, na mara hii niliielewa kila herufi. Nikainua mistari ya vigae. Mmeto ukapungua mpaka hauonekani. Kiooni stoo yote ikatoweka. Nikapeleka kamera kule nyuma: mwanasesere bado anazunguka. Nikamfuta maandishi kifuani. Kumfuta mwenyewe nilishindwa, mkono ulikataa. Nadhani niliona nikimfuta nitakuwa nimefuta ushahidi, na bado sikuwa nimesema. Bosi akanipiga bega mbele ya wote. "Angalau kuna mtu hapa anajua kazi." Mwalimu alikuwa anafunga vitabu vyake kwenye boksi. Sikusema. Ndiyo, mara ya pili. Niandikieni na hiyo.

Wageni wakarudi. Mtaalamu akavua viatu, akatembea, akainama, akasogea pembeni kabisa ambako kioo unakitazama kwa mshazari mkali. Safi. Hakuna kiti, hakuna mkeka. Bosi akaanza kunesa tena.

"Kioo ni kizuri," Mtaalamu akasema. "Yule wa fimbo mmempeleka wapi?"

"Tumemwondoa kabisa, samahani sana, ulikuwa uzembe, na hatua zimechukuliwa," Bosi akasema mbio mbio.

"Hatua gani? Mimi nimerudi kwa ajili yake." Akauonyesha mwili wa mfano. "Huu mkiuacha uongoze wenyewe, mgonjwa aufuate, unatembea kama askari wa gwaride. Wagonjwa wangu wakiuona wanakata tamaa. Lakini yule! Anainua nyonga kwanza, mguu unapita nje, unatua bapa. Huo ndio mwendo wao. Miaka kumi na minne nafanya kazi hii, sijaona kwenye mashine mwili unaotembea hivyo. Aliyemtengeneza alikaa na mtu akamtazama hasa. Nataka mgonjwa wangu akitazama aseme, kumbe kuna mwenzangu. Nani kamtengeneza?"

Mnaona ilivyokaa? Bosi uso ulimng'aa ghafla. "Ni Mwalimu! Ni kazi yake, alisema mwenyewe!" Na nikaona barua ile ya ajira karibu inachapwa hewani. Ningekaa kimya tu. Safari hii ukimya ungemsaidia. Yeye apate kazi, mimi niokoke, kila mtu aende zake. Shetani gani aliwahi kunitengenezea njia nzuri kama ile?

Mwalimu akaweka fimbo mbele yake, akaiegemea.

"Si mimi," akasema. "Lawama niliichukua. Sifa siwezi kuichukua, si yangu."

Feni ikalalamika. Hakunitazama. Kama angenitazama ningesema amenilazimisha.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Nilimtengeneza mimi. Nilimtengeneza ili tumcheke Mwalimu. Kifuani nilimwandika jina la kumkejeli. Nilimficha nyuma ya kioo, na kilichomficha ni kazi ya Mwalimu, halafu nikaifuta kazi hiyo nikijiona najua. Kosa la wiki iliyopita lote ni langu. Nilikuwepo nikanyamaza."

Mchoraji akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nilicheka."

Mtaalamu akanitazama kama anavyotazama, nadhani, mguu uliooza. Halafu akamgeukia Mwalimu. "Kwa hiyo aliyekuwa anatazamwa ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi sikitaki kioo hiki bila wewe," Mtaalamu akamwambia, na Bosi akapata kikohozi.

Barua ilichapwa mchana ule. Bosi alinipeleka ofisini kwake akaniambia yaliyostahili, mengine hayaandikiki. Akataka nami nifunge boksi langu. Ni Mwalimu aliyegonga mlango akasema mwanasesere hajakamilika, bado hajui kupanda ngazi wala kugeuka, na aliyemwanza anapaswa kummaliza. Sikudhani ni huruma. Mpaka leo sidhani.

Kesho yake asubuhi nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Tuanze kazi," akasema. Marahaba sijaipata mpaka leo, na sijawahi kuidai.

Akasimama mbele ya skrini iliyozimwa, katikati ya ofisi, mkoba begani, fimbo mkono wa kulia. Wenzangu wote walijifanya wanafanya kazi. Mimi nilikaa na daftari langu, kichwa kimeinama, masikio yanawaka.

"Nitazame," akasema.

"Mwalimu, siwezi."

"Uliweza wiki mbili nikiwa sijui. Sasa najua. Nitazame."

Akaanza kutembea. Tok. Nikainua macho, yalikuwa yamejaa maji, na kupitia maji yale nikaandika mstari wa kwanza: fimbo, halafu nyonga.